Mwenye Nyumba Anapouliza: Huyo Anayelala Kwako ni Nani?

Kodi ikichelewa, mwenye nyumba na mpangaji wote wanajua wanagombania nini. Kiasi kinajulikana, mwezi unajulikana, na risiti ama ipo ama haipo. Mtu akiongezeka ndani ya nyumba, hakuna kinachojulikana. Mwenye nyumba ameona viatu vya kiume mlangoni wiki tatu mfululizo. Mpangaji anajua ni viatu vya mdogo wake aliyetoka Singida kutafuta kazi. Kati yao hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Kisha jioni moja simu ya mpangaji inaingia meseji, na namna meseji hiyo ilivyoandikwa ndiyo itakayoamua kama jambo litaisha kwa mazungumzo mafupi barazani au litafika mbele ya baraza la ardhi.

Tuchukue mfano wa nyumba ya Tabata, jijini Dar es Salaam, ya aina inayopatikana karibu kila mtaa. Mwenyewe, mama wa makamo, anakaa nyumba kubwa ya mbele. Uani amejenga vyumba na kuwapangisha watu wawili. Mmoja ni dada anayeishi na mtoto wake katika chumba na sebule kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na alipoingia alilipa miezi sita kwa mpigo, yaani shilingi 900,000. Wa pili ni baba mwenye mke na watoto. Familia hizi mbili zinatumia mita moja ya umeme, choo kimoja cha nje na bomba moja la maji. Mwezi wa tatu wa mkataba, mdogo wake yule dada anafika na begi moja. Analala sebuleni.

Anayelalamika kwanza kwa kawaida huwa ni jirani, wala si mwenye nyumba, na kisa chake ni umeme. Watu wengi hawajui kwamba mtu mmoja tu anaweza kubadili bili ya nyumba nzima, na sababu yake ni ngazi za bei. Wateja wadogo wa TANESCO, ambao matumizi yao hayazidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, kwa miaka ya karibuni wamekuwa wakilipa takriban shilingi 122 kwa uniti pamoja na makato yote. Mita ikizoea kuvuka kiwango hicho inahamishiwa kwenye tarifu ya juu, ambako uniti moja ni takriban shilingi 356. Familia zetu mbili za Tabata zilikuwa zinatumia uniti 70 kwa mwezi, yaani kama shilingi 8,500, na kila mmoja akichangia nusu yake maisha yanakwenda. Kijana analala sebuleni na feni yake kwa sababu joto la Dar halina huruma. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kila usiku inakula uniti 18 kwa mwezi. Sabini na kumi na nane ni 88. Mita ikishahamishwa, uniti hizo 88 zinagharimu zaidi ya shilingi 31,000. Jirani anayeona elfu nne yake imegeuka kuwa elfu kumi na tano kwa ajili ya feni isiyo yake ana haki kabisa ya kwenda kugonga mlango wa mbele.

Ndiyo maana simkubali mtu anayesema mwenye nyumba anayeuliza ni mbea. Kuna choo kinachojaa haraka na gari la majitaka linalopaswa kuitwa mapema. Kuna mjumbe wa shina ambaye siku ya tatizo atakuja kumuuliza yeye, si mpangaji, ni nani na nani wanaishi humo. Na kuna mpangaji wa pili ambaye naye analipa kodi. Sababu zake ni halali. Linaloharibika ni namna ya kuuliza, na kabla ya kufika kwenye maneno ya meseji, lazima ijulikane anauliza kuhusu nini hasa.

Kuna watu wa aina tatu wanaoweza kukutwa ndani ya nyumba ya kupanga bila jina lao kuwa kwenye mkataba. Wa kwanza ni mgeni: amekuja kwenye msiba, arusi, matibabu au likizo, ana kwao, na atarudi kwao. Wa pili ni mkazi: amehamisha maisha yake, ana ufunguo, nguo zake zipo kabatini, kila asubuhi anatokea hapo na kila usiku anarudi hapo, lakini anaishi chini ya mwavuli wa mpangaji na hamlipi mtu kodi. Wa tatu ni mpangaji wa mpangaji: anamlipa aliyemkaribisha ili apate chumba au kitanda, na pengine mwenye mkataba mwenyewe alishahama zamani. Wanafunzi wa vyuo wanalijua jambo linalokaribiana na hili kwa jina la kubebana, pale wawili wanapokaa katika nafasi ya mmoja na kugawana gharama.

Sheria haiwatazami watu hawa watatu kwa jicho moja. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ina masharti yanayohesabiwa kuwemo katika kila mkataba wa pango hata kama hayakuandikwa, ila pale wahusika wamekubaliana vingine kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Mpangaji hatakiwi kumhamishia mtu mwingine pango lake, kumpangisha wala kumwachia umiliki wa nyumba bila idhini ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba naye hatakiwi kuinyima idhini hiyo bila sababu ya msingi. Upande wa pili, mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa amani bila kubughudhiwa na aliyempangisha.

Ukisoma hapo kwa makini utaona kwamba anayeguswa moja kwa moja ni yule mtu wa tatu. Dada wa Tabata anayemlaza mdogo wake sebuleni hajampangisha mtu wala hajaachia nyumba. Bado anaishi humo, bado ufunguo ni wake na kodi inatoka kwake. Kama mkataba hausemi lolote kuhusu idadi ya wakazi au muda wa wageni, mama mwenye nyumba atapata shida kumwonyesha kosa lake. Mikataba mingi inayouzwa stesheni, ile ya ukurasa mmoja yenye nafasi za kujaza majina, inataja kodi, muda, notisi na usafi, kisha inanyamaza. Wengine huandika "mpangaji haruhusiwi kujaza watu", maneno ambayo kila mmoja atayatafsiri anavyotaka. Kifungu chenye nguvu kinataja majina ya wakazi, au angalau idadi yao, na kinasema mgeni akizidi siku kadhaa, tuseme 14, mpangaji amjulishe mwenye nyumba. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mwenye nyumba mwenye shaka ni kwenda kabatini, kuutoa mkataba na kuusoma. Asipokuta kifungu, bado anaweza kuuliza, ila atauliza kwa kuomba, si kwa kudai.

Hatua ya pili ni kupima alichokiona. Bili ya maji iliyopanda haithibitishi kitu. Mtu mmoja wa mjini anayeoga, kufua na kutumia choo akitumia lita 50 kwa siku, kwa mwezi ni lita 1,500, yaani uniti moja na nusu kwenye bili. Choo cha kuvuta chenye valvu mbovu kinaweza kumwaga zaidi ya hapo kimya kimya huku hakuna aliyeongezeka. Umeme nao unaweza kupanda kwa sababu ya friji iliyonunuliwa au pasi ya mtoto aliyeanza shule. Sauti ya kiume usiku yaweza kuwa redio. Linalobeba uzito ni lile linalojirudia na ambalo mtu ameliona kwa macho yake: sura ileile ikitoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku kwa wiki kadhaa, ufunguo wa geti mkononi mwa mtu asiyepewa na mwenye nyumba, kitanda au godoro lililoshushwa kutoka kwenye bajaji. Na hata hayo yanaonyesha kwamba mtu analala humo. Hayaonyeshi kama analipa, wala atakaa kwa muda gani. Majibu ya hayo mawili anayo mpangaji peke yake, na ndiyo sababu ya kumuuliza.

Meseji inayozoeleka inakuwa hivi: "Nimesikia umejaza watu humo ndani. Nyumba yangu si gesti. Huyo mwanaume wako atoke leo au utoke wewe na vitu vyako." Ina makosa manne katika mistari miwili. Inategemea maneno ya kusikia. Inamtuhumu dada kwa jambo la aibu lisilomhusu mwenye nyumba, na katika mfano wetu mwanaume huyo ni mdogo wake wa tumbo moja. Inatoa muda ambao hakuna binadamu anayeweza kuutimiza. Kubwa kuliko yote, haijauliza swali lolote, kwa hiyo mpangaji hana cha kujibu isipokuwa matusi. Na meseji inabaki kwenye simu. Siku dada huyo akienda kushtaki kwamba anabughudhiwa, ushahidi wake ameshaandikiwa.

Sasa tazama mama yuleyule akiandika namna nyingine:

"Habari za jioni, mwanangu. Natumaini mtoto hajambo. Nakuandikia kuhusu chumba na sebule unapokaa. Tangu mwanzoni mwa mwezi huu nimemwona kijana akitoka kwako asubuhi na kurudi usiku, na jana nimemwona akifungua geti kwa ufunguo. Sijui kama ni mgeni au amehamia, ndiyo maana nakuuliza wewe kabla ya kumuuliza mtu mwingine. Mkataba wetu, kifungu cha 6, unasema wakazi ni wewe na mtoto wako, na mgeni akizidi siku 14 tuarifiane. Naomba unijulishe hadi Jumapili ijayo: ni nani kwako, atakaa hadi lini, na kama kuna malipo yoyote anayokupa kwa ajili ya kukaa hapo. Kama ni mgeni, niambie anaondoka lini. Kama unahitaji akae, njoo tuzungumze tuandikishane. Na suala la LUKU nalo tulimalize, maana mwenzako ameniletea malalamiko."

Salamu hiyo si ya kupamba. Mama ni mkubwa, dada ni mdogo, na kumwita mwanangu kunamkumbusha kwamba anayeandika si polisi. Kisha anasema alichokiona mwenyewe, siku gani na wapi, bila kukipa jina. Anataja kifungu na namba yake ili dada aende kukisoma. Anauliza maswali matatu yenye majibu mafupi. Anatoa siku maalumu, si "haraka iwezekanavyo". Na anaacha milango miwili wazi: kuondoka kwa mgeni, au makubaliano mapya ya maandishi. Hakuna neno la kufukuza, kwa sababu bado hakuna kosa lililothibitika. Hajauliza pia kama kijana ni mchumba, mume au nani wa kulala naye. Akijibiwa ni ndugu, imetosha. Mpangaji mwanamke asiyeolewa ndiye anayeumizwa zaidi na maswali hayo ya pembeni, na Katiba ya nchi katika ibara ya 16 inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi na maskani yake. Kinachojadiliwa ni nani anakaa nyumbani, basi.

Tuhamie upande wa mpangaji, maana naye anaweza kuharibu. Kosa lake la kwanza ni kunyamaza, akidhani jambo litapoa. Ukimya baada ya swali la staha unageuza shaka kuwa uhakika. Kosa la pili ni kudanganya siku: kusema "amefika juzi" wakati jirani amehesabu tangu alipofika. Jibu zuri la dada ni fupi: "Shikamoo mama. Ni kweli, ni mdogo wangu wa mwisho, amekuja kutafuta kazi. Amefika tarehe 4. Hanilipi chochote, ndiyo kwanza namlisha. Naomba uniwie radhi kwa kutokukuarifu. Naomba akae hadi mwisho wa Septemba, na nitaongeza mchango wa LUKU kuanzia mwezi huu. Jumamosi asubuhi nitakuja naye akusalimie." Amejibu yote matatu, ametaja tarehe mwenyewe, na amelibeba tatizo la jirani kabla hajashurutishwa. Kumpeleka kijana kusalimia kunafanya kazi ambayo karatasi haiwezi: mama sasa anamjua kwa sura na kwa jina, na mjumbe akija kuuliza ana jibu.

Hata hivyo karatasi ni lazima, na hapa wengi hukosea kwa wema. Wanasema "basi akae tu", kesho wakisahau nani alikubali nini. Inatosha nusu ukurasa unaoitwa nyongeza ya mkataba, wenye tarehe na saini za mama na dada, ukisema kwamba kijana fulani anaruhusiwa kuishi katika chumba na sebule hiyo kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani; kwamba yeye si mpangaji, na pango la dada likiisha naye anaondoka; kwamba mchango wa umeme wa dada sasa ni sehemu kadhaa ya kila manunuzi; na kwamba masharti mengine ya mkataba hayajabadilika. Nakala moja kwa kila mmoja. Maneno kwamba yeye si mpangaji yasiachwe. Dada akipata kazi Dodoma na kuhama, bila maneno hayo kijana atabaki ndani akidai amerithi pango. Kwa sababu hiyohiyo mama asipokee kodi kutoka mkononi mwa kijana na kumwandikia risiti kwa jina lake. Akifanya hivyo miezi miwili, ameanza kujitengenezea mpangaji mpya ambaye hakumchagua.

Je, mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi kwa sababu ya mtu aliyeongezeka? Katikati ya muda uliokwisha kulipiwa, hapana, isipokuwa mkataba unasema hivyo au wote wawili wamekubali. Anachoweza kudai ni kugawanya upya gharama za pamoja, kwa sababu hizo zinafuata matumizi. Mtoto aliyezaliwa ndani ya pango naye asihesabiwe kama mtu aliyeingizwa kwa siri. Sijui ni baraza gani litakaloona sababu ya msingi ya kumkataa mtoto mchanga au mke wa ndoa, wakati sebule na chumba vinawatosha.

Hali ni nyingine jibu likionyesha kwamba kijana analipa, au kwamba dada alishahamia Kibaha na amemwachia nyumba mtu asiyejulikana. Hapo kuna ukiukaji wa kweli. Meseji ya simu haitoshi tena. Inahitajika notisi ya maandishi inayotaja kosa lenyewe, kinachotakiwa kufanywa ili lirekebishwe, na muda wa kutosha wa kufanya hivyo. Mpangaji akirekebisha, pango linaendelea. Asiporekebisha, mwenye nyumba anapeleka shauri mahali pake: kwanza ngazi ya kata kwa usuluhishi, na ikishindikana huko, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni njia ndefu, na najua wenye nyumba wanaichukia. Lakini njia ya mkato ina gharama yake. Anayebadilisha kufuli, anayeng'oa mlango, anayezima umeme au kuingia chumbani kwa ufunguo wa akiba kukagua vitanda anavunja haki ileile ya amani niliyoitaja, na siku ya shauri yeye ndiye atakayekuwa na la kujieleza. Kuna na pesa. Dada alilipa miezi sita na amekaa mitatu. Shilingi 450,000 za miezi iliyobaki ziko kwa mama, na swali la kwanza mbele ya wasuluhishi litakuwa ziko wapi.

Wewe unayetarajia kusaini mkataba mwezi huu, tafuta mstari unaotaja wakazi na wageni. Kama haupo, mwombe mwenye nyumba muuandike kwa mkono chini ya ukurasa kabla hujatoa hela: majina ya watakaoishi, siku za mgeni, na namna ya kugawana LUKU mtu akiongezeka. Wote wawili mtie saini pembeni ya mstari huo, kisha upige picha ukurasa mzima na kuihifadhi kwenye simu.